Lumbesa huanzia kwenye risiti ya ushuru: muhtasari wa kisera kuhusu upimaji wa viazi mviringo mkoani Mbeya

Kwa: Katibu Tawala Msaidizi, Uchumi na Uzalishaji, Ofisi ya Mkuu wa Mkoa, Mbeya
Nakala: Wakuu wa Divisheni za Kilimo, Mifugo na Uvuvi, na Wakuu wa Vitengo vya Fedha, halmashauri zinazolima viazi
Kutoka: Mwanafunzi wa uzamili, uchumi wa kilimo
Chanzo: Sura ya nne ya tasnifu yangu, iliyotokana na msimu mmoja wa mavuno katika vijiji vitatu vya ukanda wa viazi. Kwa makubaliano na walionipa taarifa, vijiji na vizuizi havitajwi.

Ninachoomba kiamuliwe

Halmashauri zote za mkoa zinazolima viazi zianze kutoza ushuru wa mazao kwa kilo badala ya gunia, na zianze siku moja. Mambo mengine yaliyomo humu yanategemea hilo. Likishindikana, fedha za operesheni nyingine ya kukamata lumbesa barabarani ni heri zikapelekwa kwenye shughuli nyingine.

Tatizo

Sheria ya Vipimo, Sura 340, na kanuni zake zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kila mtu shambani anajua. Mnunuzi anajua, dereva anajua, na hata mtoto anayeokota viazi vilivyodondoka atakuonyesha lipi ni kata kichwa na lipi ni lumbesa. Hata hivyo, gunia bado linaongezewa kipande cha gunia jingine mdomoni, linajazwa, linashindiliwa, linashonwa na kupandishwa kwenye Fuso.

Maelezo ya kawaida ofisini ni kwamba mkulima hana elimu ya vipimo, kwa hiyo apewe semina. Nilikwenda kijijini nikiamini hivyo, na rasimu ya kwanza ya sura yangu iliandikwa hivyo. Niliyoyaona yalinilazimu kuiandika upya. Mkulima mmoja alinieleza kwamba gunia ni la mnunuzi, sindano na kamba ni za mnunuzi, na vijana wa kupakia wanalipwa na mnunuzi. Cha kwake yeye ni viazi tu, navyo vimeshachimbwa. Kiazi kilichochimbwa kikikaa juani kinageuka kijani na kupoteza soko, na ghala la kuvihifadhia hana. Akikataa lumbesa leo, kesho dalali atampeleka mnunuzi kwa jirani. Semina haiwezi kubadili hali hiyo.

Kwa nini lumbesa inalipa

Jambo hili lilinichukua muda kuliona, na ndilo linaloigusa ofisi yako moja kwa moja.

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, inautaja ushuru wa mazao kuwa asilimia ya bei ya shambani. Mwaka 2017 asilimia hiyo ilishushwa kutoka 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Kwenye vizuizi nilivyokaa, hakuna aliyekuwa akikokotoa asilimia. Mkusanyaji anahesabu magunia, anazidisha kwa kiasi kilichopangwa kwa gunia, anatoa risiti. Simlaumu, hana mizani, na malori yamepanga foleni usiku. Lakini kwa utaratibu huo, kadiri gunia linavyokuwa kubwa ndivyo kilo moja inavyotozwa ushuru mdogo zaidi.

Chukua mfano, kwa tarakimu nilizochagua ili hesabu iwe nyepesi. Fuso limebeba kilo 7,000 za viazi, na ushuru ni shilingi 1,000 kwa gunia. Mzigo ukifungwa kwa kilo 100, ni magunia 70, na halmashauri inapata shilingi 70,000. Ukifungwa lumbesa ya kilo 140, ni magunia 50, na halmashauri inapata shilingi 50,000. Barabara iliyochakaa ni ileile, mzigo ni uleule, ila shilingi 20,000 zimebaki mfukoni mwa mnunuzi, tena kwa risiti halali.

Kwa mkulima pengo ni kubwa zaidi. Kama gunia linanunuliwa shilingi 60,000 bila kujali ujazo, magunia 70 yangempa shilingi 4,200,000. Magunia 50 yanampa 3,000,000. Natahadharisha hapa, maana hesabu hii hupenda kutumiwa majukwaani: si kweli kwamba mizani itamrudishia mkulima shilingi 1,200,000 zote. Gunia likipungua, mnunuzi naye atashusha bei ya gunia. Atakachokipata mkulima kwa hakika ni kujua anauza kilo ngapi, na kuweza kulinganisha bei ya mnunuzi huyu na ya yule. Leo hawezi, kwa sababu gunia la kila mnunuzi lina tumbo lake.

Msukumo wa tatu unatoka kwa wapakiaji na wenye magari. Wengi wao nao hulipwa kwa gunia. Kwa hiyo ushuru, upakiaji na usafiri vyote vinamwambia mnunuzi jambo moja: jaza.

Hoja kwamba viazi havipimiki

Nimeisikia kwa maofisa zaidi ya mmoja: viazi vinaharibika haraka, vinachafuka udongo, mizani itachelewesha. Jibu limo humuhumu mkoani. Rungwe, majani mabichi ya chai hununuliwa kwa kilo, na jani la chai halina subira hata ya siku mbili. Kyela, kakao inauzwa kwa kilo. Tofauti ya viazi ni kwamba hakuna mahali pamoja pa kuuzia. Kila shamba ni soko. Kwa hiyo kinachokosekana kwanza ni kituo, kisha mizani ndani ya kituo hicho.

Mapendekezo

1. *Ushuru kwa kilo.* Kila halmashauri irekebishe sheria ndogo yake ya ushuru ili kiwango kitajwe kwa kilo, kikitokana na asilimia iliyo kwenye sheria na bei ya shambani inayohuishwa kila msimu. Marekebisho hupita baraza la madiwani na hatimaye huhitaji idhini ya Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, kwa hiyo yaanze mapema. Hapa kuna mtego mmoja. Wapo watakaopendekeza njia ya mkato: gunia la lumbesa litozwe ushuru mkubwa zaidi, basi. Nashauri isikubalike. Ukishaitoza lumbesa kwa bei yake maalumu umeihalalisha, na mnunuzi ataihesabu kama gharama nyingine ya safari na kumkata mkulima. Kwa kilo, gunia kubwa halina faida na halina adhabu. Linakosa tu sababu ya kuwepo, na linapozidi kilo 100 linabaki kuwa kosa chini ya Sheria ya Vipimo.

2. *Siku moja kwa halmashauri zote.* Pendekezo hili ndilo lililonifanya nikuandikie wewe badala ya mkurugenzi mmoja. Halmashauri ikianza peke yake, malori yatahamia kwa jirani ndani ya wiki moja, madiwani wataona mapato yanashuka, na sheria ndogo itawekwa kabatini. Mkoa ndio wenye uwezo wa kuwaketisha pamoja. Inafaa pia kuwaandikia wenzako wa Songwe na Njombe mapema, kwani mnunuzi wa Dar es Salaam hajali mpaka wa mkoa. Anajali viazi viko wapi na barabara inapitika.

3. *Vituo vya kuuzia vyenye mizani.* Kuanzia, kata chache zenye viazi vingi zinatosha. Kituo si jengo: ni kiwanja kinachofikiwa na Fuso wakati wa mvua, paa la kukinga jua, mizani ya jukwaa, na mtu wa kuisimamia. Pale penye chama cha ushirika cha mazao kinachofanya kazi, kisimamie. Pale ambapo chama ni jina tu, na vipo, serikali ya kijiji isimamie kwa muda. Mizani ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka na stika yake ionekane. Uzito unaoandikwa kituoni uwe ndio msingi wa ushuru, ili kizuizi kibaki cha kukagua risiti.

4. *Ukaguzi uhamie shambani.* Lumbesa iliyoshonwa na kupakiwa ni vigumu kuishusha. Nimeona mabishano ya saa tatu yakiishia kwa lori kuondoka. Mkaguzi anayefika asubuhi wakati magunia bado yako wazi anamaliza kazi kwa maneno tu. Na anayewajibishwa awe mwenye gunia, yaani mnunuzi. Kumtoza faini mkulima kwa gunia asilolimiliki kunamfunza kuwaficha wakaguzi, basi.

Yaliyofikiriwa na kuachwa

Mizani ya TANROADS iliyoko barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam hupima malori, na baadhi ya watu waliniuliza kwa nini tusitumie tiketi zake. Tatizo ni kwamba mzigo unafika huko ukiwa umeshatoka kwenye halmashauri nyingi, mara nyingi umechanganywa na mazao mengine, na mkulima ameshalipwa. Bei elekezi ya viazi nayo nimeiacha. Haitekelezeki kwa zao linalooza, na ingeua mjadala wa mizani kabla haujaanza.

Nani atapinga

Madalali, kwanza, na tusiwadharau: ndio wanaomjua mkulima mwenye viazi na mnunuzi mwenye fedha, na kituo kisichowapa nafasi watakisusa. Wapewe kazi ya kuleta wanunuzi kituoni kwa malipo yanayojulikana. Wapakiaji watataka kujua ujira wao ukiwa kwa kilo utakuwaje. Hilo likubaliwe nao kabla ya siku ya kwanza. Nisichokitarajia ni upinzani wa wanunuzi wakubwa wote. Wawili niliozungumza nao walisema wanachoogopa ni kuwa wa pekee kufuata kilo 100 huku wenzao wakijaza, na hofu hiyo inarudi kwenye pendekezo la pili.

Hatua za karibuni

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na halmashauri huandaa bajeti miezi kadhaa kabla. Ili mizani iingie kwenye bajeti ijayo, kikao cha wakurugenzi, wakuu wa vitengo vya fedha na Wakala wa Vipimo kinapaswa kuitishwa kabla makadirio hayajafungwa. Ajenda mbili zinatosha: rasimu moja ya kifungu cha ushuru kwa kilo itakayotumiwa na wote, na orodha ya kata za kuanzia. Rasimu ya kifungu hicho ninayo, kurasa mbili, na nitaiwasilisha ofisini kwako pamoja na sura kamili pindi itakapohitajika.