Majibu kwa wazazi wa darasa la sita kuhusu ile picha

Wazazi habari za jioni. Nimesoma meseji zenu zote na voisi nimezisikiliza, hata zile ndefu. Najibu hapa kwa pamoja maana nikimjibu kila mtu inboksi yake kesho mtaanza kulinganisha majibu.

Niseme kwanza, jambo lenyewe ni kweli lipo. Picha ya mtoto wetu mmoja ilichezewa kwenye simu ikawekewa maneno ya kumdhalilisha, ikasambazwa kwenye grupu la wanafunzi ambalo shule haikulianzisha na hakuna mwalimu ndani yake. Tulipata taarifa jumapili usiku, na jumatatu kabla ya kengele mwalimu wa darasa, mwalimu wa malezi na mimi tulikuwa tumeshakaa.

Tulizungumza na mtoto mmoja mmoja, sio kuwasimamisha paredi, kila mmoja akaandika maelezo yake mwenyewe bila kusikia ya mwenzake. Wazazi wa wote wanaohusika moja kwa moja tuliwaita, kila familia saa yake, hawajakutana hata getini. Kwahiyo kama hukupigiwa simu na shule mpaka sasa, mwanao hayumo kati ya hao, usimkalishe chini usiku kumhoji kama polisi. Adhabu ipo kwa mujibu wa kanuni za shule mlizosaini wakati wa kuandikisha, imeshaanza, na ni ngapi, ya nani, ya aina gani, hiyo inabaki kati ya shule na familia husika. Mtoto aliyeumizwa anakutana na mwalimu wa malezi na mzazi wake anapewa taarifa. Hapo naishia kuhusu yeye, hata kama ni wa kiume au wa kike sitasema, japo najua wengine mnadhani mnajua.

Sasa lile la majina. Mzazi mmoja kasema nikificha majina nawalinda wakorofi. Namuelewa, angekuwa mwanangu na mimi ningekuwa na hasira. Lakini hawa ni watoto, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kifungu cha 16 unalinda faragha ya kila mtoto, aliyekosea na aliyekosewa. Na kuna jina limeshaandikwa hapa kwenye grupu jana, naomba aliyeandika alifute. Msiniulize kama ndiye au siye. Nikisema siye, mtataja lingine, nikisema siye tena mtataja la tatu, mwisho nikinyamaza mtakuwa mmeshapata jibu, kwahiyo nanyamaza kwa yote. Hivyohivyo kwa mtoto asiyeonekana darasani wiki hii, watoto wanaumwa meno, wanasafiri, msitunge stori.

Mmeona pia viti vimebadilishwa. Tumehamisha darasa zima makusudi ili asiwepo wa kunyooshewa kidole eti huyu kahamishwa. Mapumziko kuna mwalimu wa zamu nyuma ya madarasa na upande wa vyoo, na simu ikikutwa shuleni inakaa ofisini mpaka mzazi aje mwenyewe, sio kaka, sio dereva wa basi.

Upande wenu nyumbani ndo kwenye kazi kubwa, na hapa nitaongea wazi kidogo. Watoto wetu wengi wana miaka 11 na 12, na masharti ya WhatsApp yenyewe yanataka angalau miaka 13, kwahiyo wengi wanatumia namba zenu au mmewafungulia nyinyi. Ingieni humo muangalie. Kama ile picha ipo kwenye simu yako ifute, na ukishaifuta kwenye chati nenda na kwenye galari, maana mara nyingi picha inajisevu yenyewe na unaikuta bado imekaa. Msinitumie mimi kama ushahidi, tunayo nakala moja imehifadhiwa ofisini inatosha. Na jamani msiifowadi hata kwa nia ya kulaani, mtoto haangalii nia yako, anachojua ni kwamba na mama fulani naye kaiona.

Wale mnaotaka kikao cha wazazi wote kujadili kesi hii, hapana, hicho sitaitisha. Kikao cha simu na mitandao kwa ujumla kitakuwepo ijumaa saa nane mchana ukumbini, mwalimu wa malezi ataongoza, na akitajwa mtoto yeyote nasimamisha mazungumzo hapohapo. Mwenye swali kuhusu mwanae mwenyewe aje ofisini asubuhi yoyote kabla ya saa nne, nitamjibu kila ninachojua kuhusu huyo wake.

Mwalimu Mkuu