Yah: Oda Na. 014/2025, chupa 2,400 za asali na vifuniko: naomba jibu kabla ya Alhamisi, 12 Juni, saa sita mchana

Tarehe: Jumanne, 10 Juni 2025
Kwa: Idrisa, Idara ya Mauzo
Nakala: anwani ya ofisi iliyo kwenye profoma, Mwenyekiti na Mhazini wa kikundi, Tabora

Kaka Idrisa,

Habari za kazi. Natumaini sikukuu ya Iddi mmeimaliza salama, wewe na familia.

Mara ya mwisho tuliwasiliana Jumanne iliyopita, tarehe 3 Juni. Uliniambia vifuniko vimeingia stoo, na kwamba kesho yake ungenitumia picha ya mzigo pamoja na siku ya kupakia. Tangu hapo sijapata neno. Nilikuandikia barua pepe Alhamisi, nikapiga simu Ijumaa na jana asubuhi, na meseji yangu ya wasapu ya Alhamisi mpaka sasa ina tiki moja tu. Hiyo tiki moja ndiyo iliyonifanya nifikiri huenda simu yako ina tatizo, au uko safarini, au sikukuu imekukuta mbali na ofisi. Kama ni ugonjwa au msiba, pole sana, na usijisumbue kunieleza. Nimeweka nakala kwenye anwani ya ofisi ili mwenzako yeyote aliye karibu na stoo aweze kujibu kwa niaba yako. Sijafanya hivyo kukushtaki kwa wakubwa wako. Umetuhudumia vizuri tangu siku ya sampuli, nami nataka biashara hii iendelee na wewe.

Ila muda umetubana, na lazima niseme wazi tulipofika.

Profoma yenu inasema mzigo utakuwa tayari ndani ya siku 10 za kazi baada ya malipo ya awali. Tulilipa nusu, Sh 1,380,000, tarehe 26 Mei, na risiti mlinitumia siku hiyohiyo. Siku ya kumi ya kazi ilikuwa jana. Kuchelewa siku moja mbili kungevumilika. Kinachotukwamisha ni kutojua mzigo uko wapi, kwa sababu kila kitu kinachofuata huku kinasubiri tarehe moja kutoka kwenu.

Ngoja nikueleze huku kukoje, maana mtu akiwa Dar anaweza kuona chupa ni chupa tu, zikifika wiki hii au ijayo ni yaleyale. Asali ya wanachama 31 imesharinwa, imechujwa na imetulia. Iko kwenye ndoo 43 za lita 20, kila ndoo kilo 28 hivi, zimepangwa ukutani kwenye chumba chetu cha kuchakata. Hakuna mwanachama atakayelipwa mpaka asali hiyo iuzwe, na wengi wao ni akina mama ambao wameshafanya kazi yote ya msimu. Maonesho ya Sabasaba yanaanza Jumamosi tarehe 28 Juni pale viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, na nafasi yetu tumeshailipia. Mwaka jana tulikwenda na asali kwenye chupa za maji zilizotumika. Mama mmoja alionja, akaisifu sana, kisha akaigeuza chupa, akaona mabaki ya gundi ya lebo ya zamani, akairudisha mezani taratibu na kuondoka. Asali ilikuwa hii hii. Sitarudi Dar na chupa za namna ile, na kikundi kizima kimekubali hivyo.

Kuna jambo uliwahi kuniuliza, kwa nini tusichukue chupa hapohapo Dar na kujazia huko kuokoa nauli. Haiwezekani. Chumba kilichokaguliwa ni hiki cha huku, na asali ikijazwa kwingine sina haki ya kubandika lebo yetu juu yake. Chupa lazima zije Tabora kwanza.

Hesabu ya siku nimeipiga hivi, kuanzia maonesho kurudi nyuma. Ijumaa tarehe 27 tunapanga meza. Kwa hiyo asali iwe Dar Alhamisi tarehe 26, na ipakiwe huku Jumanne tarehe 24. Jumatatu tarehe 23 ni ya lebo na kufunga katoni. Kujaza tunakwenda chupa 240 kwa siku tukiwa watu sita, na si zaidi ya hapo, kwa sababu Juni usiku huku kuna baridi na asubuhi asali inakuwa nzito, inatoka kwenye bomba la tenki kama uzi. Tunaanza saa nne jua likishapanda. Tukijaza kuanzia Jumatano tarehe 18 hadi Jumamosi tarehe 21 tunapata chupa 960. Jumanne tarehe 17 ni ya kuosha na kukausha, kwa maana chupa yenye tone la maji ndani inaharibu asali: maji yakizidi, asali inachacha. Basi mzigo unatakiwa ufike Tabora Jumatatu tarehe 16, na lori la wakala wetu linatoka Dar Jumamosi hii, tarehe 14 Juni, asubuhi. Lingine litakalotufaa kabla ya maonesho halipo.

Kwa sababu hiyo sidai chupa zote 2,400 kwa mkupuo. Naomba katoni 40 za chupa 24, yaani chupa 960 na vifuniko vyake, ziwe tayari kukabidhiwa kwa wakala wetu Ijumaa tarehe 13 Juni kabla ya saa kumi jioni. Katoni 60 zinazobaki zinaweza kusubiri hadi Jumatatu tarehe 30 Juni, kwani hizo ni za wateja wetu wa Dodoma na tumeshazungumza nao. Kwa bei ya Sh 1,150 tuliyokubaliana, katoni 40 ni Sh 1,104,000. Hiyo iko ndani ya Sh 1,380,000 mlizokwisha kupokea, kwa hiyo hamtakuwa mmetoa hata chupa moja isiyolipiwa. Salio tutalilipa siku ya kupakia katoni 60, kama profoma inavyosema.

Ninachohitaji kukijua kutoka kwenu ni kama chupa 960 zipo stoo leo, zikiwa na vifuniko, na kama mnaweza kuzikabidhi Ijumaa. Kama haziwezekani, niambie tarehe ya kweli, hata kama ni mbaya. Na katoni 60 nazo mnazitegemea lini. Mistari miwili ya meseji inatosha. Barua rasmi si lazima.

Ikiwa kilichokwama ni vifuniko, tuzungumze, kwa sababu rangi haitusumbui. Tulioda vyeupe, lakini vya dhahabu au vyeusi tutavipokea bila kulalamika, mradi viwe vya bati, milimita 63, na vyenye ule mpira laini ndani. Kwenye mpira hatutalegeza. Sampuli zako tatu tulizijaza asali, tukazifunga kwa mkono, tukazigeuza kichwa chini juu ya gazeti kwenye rafu ya ofisi kwa siku tatu. Gazeti lilibaki kavu. Sampuli ya sehemu nyingine tuliyoijaribu pamoja nazo iliacha duara la asali kama alama ya kikombe cha chai, na sisimizi walishajipanga kufikia asubuhi. Asali ikipata njia ya kutoka, unyevu wa hewa nao umepata njia ya kuingia, na asali huuvuta unyevu hata pasipo mvua. Ndiyo maana tulichagua vya kwenu.

Ikiwa kilichokwama ni chupa, naomba msitubadilishie ukubwa bila kutuuliza. Chupa ya mililita 350 inabeba gramu 500 za asali, kwa sababu asali ni nzito kuliko maji, lita moja ni kama kilo moja na gramu mia nne. Lebo zetu zimeshachapwa gramu 500. Mkituletea chupa ya mililita 500 itameza gramu 700, na nikiijaza nusu mteja ataona nimempunja. Kwa hiyo heri katoni chache za ukubwa sahihi kuliko mia za ukubwa mwingine.

Sasa, upande wa pili. Nimesubiri wiki nzima kwa moyo mweupe, na nitasubiri hadi Alhamisi tarehe 12 Juni, saa sita mchana. Nikifika hapo bila jibu lolote kutoka kwako au kwa ofisi, nitahesabu kwamba mzigo hautapatikana kwa tarehe tunayoihitaji. Mchana huohuo nitanunua chupa 960 kwingine. Bei yake iko juu, na Mhazini wetu ameshaidhinisha tofauti hiyo kwa sharti kwamba nisiamue kabla ya Alhamisi. Katika hali hiyo nitawaandikia kuomba Sh 1,380,000 zirudishwe kwenye akaunti ileile iliyotuma, ndani ya siku 7 za kazi. Kama bado mtataka kutuuzia katoni 60 za Dodoma, tutaliandikia hilo oda mpya yenye tarehe mpya. Nalisema mapema hivi ili lisikushtue siku ya Alhamisi. Ningependa sana tusifike huko.

Mkijibu kwamba mzigo upo, wakala wetu wa mizigo atafika stoo Ijumaa kuanzia saa nane mchana na nakala ya oda hii na kitambulisho chake. Atahesabu katoni, atafungua mbili atakazochagua mwenyewe, na atasaini. Naomba katoni ziandikwe "Tabora" kwa kalamu nene pande mbili, kwa sababu mwezi uliopita ndoo zetu tupu zilishushwa Singida kwa kukosa maandishi, na zilikaa huko siku nne.

Niko kwenye simu yangu ileile kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku. Kama ya kwako haifanyi kazi, nitumie namba yoyote ya mwenzako nami nitapiga mwenyewe.

Asante, na msalimie yule kijana wa stoo aliyetufungia sampuli kwenye magazeti. Zilifika bila ufa hata mmoja.

Neema
Katibu na msimamizi wa manunuzi
Kikundi cha wafuga nyuki, Tabora

Viambatisho: profoma yenu, risiti ya malipo ya 26 Mei, picha ya sampuli tuliyoipitisha, kifuniko na mpira wake vikionekana.