Maswali ya kujibu kabla ya mstari wa kwanza wa maelezo binafsi

Kwa vijana sita wa kundi la Tanga mnaojiandaa kuomba vyuo vya nje,

Haya ndiyo maswali niliyowaahidi. Yajibuni kwa mkono, kwenye daftari, kabla hatujakutana Jumamosi saa 3 asubuhi, na tafadhali asije mtu na insha. Mwaka jana wanne kati ya watano walikuja na insha zilizokwisha kuandikwa, zote zikianza na ndoto ya utotoni, na ilituchukua wiki mbili kuzibomoa ili tuone kama chini yake kuna mtu.

Kumbukeni ukubwa wa nafasi mliyonayo. Kwa wanaoomba Marekani, insha ya Common App haizidi maneno 650. Wanaoomba Uingereza kupitia UCAS, kwa masomo yanayoanza mwaka 2026 na kuendelea, wanajibu maswali matatu badala ya insha moja: kwa nini unataka kusoma fani hiyo, masomo yako yamekuandaaje, na umejiandaaje nje ya masomo. Majibu yote matatu kwa pamoja yasizidi herufi 4,000, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa, na kila jibu lisipungue herufi 350. Hapo maisha yako hayaenei. Yanaenea matukio mawili au matatu yaliyochaguliwa vizuri, na kazi ya maswali haya ni kuyatafuta.

Jibuni kwa lugha ambayo jambo lenyewe lilitokea, iwe Kiswahili, Kidigo au Kisambaa. Kiingereza kitakuja baadaye. Ukianza nacho utaandika yale maneno ambayo kila mwombaji anayo, kwa sababu ndiyo uliyoyakuta tayari kwenye Kiingereza cha insha. Na kila jibu liwe na mahali, mtu, na kitu ambacho mwingine angeweza kukiona kwa macho yake. "Nilijifunza uongozi" si jibu. "Nilikataa kusaini orodha ya chakula kwa sababu magunia yalikuwa tisa na karatasi ilisema kumi" ni jibu.

Nyumbani na mtaani

Ni kazi gani kwenu ambayo hakuna anayeuliza nani aifanye, kwa kuwa wote wanajua ni yako? Ilianza lini kuwa yako, na kabla yako ilikuwa ya nani? Ukisafiri wiki moja, ni kitu gani kinaharibika au kinasimama? Jirani akibisha hodi na kukuulizia wewe, si mama wala kaka, kwa kawaida anataka nini? Ni hesabu gani unayoijua kichwani bila kuandika: bei ya debe, nauli, deni la duka, siku za dawa za bibi?

Nataka mkae hapa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa kuwa hapa ndipo watu huniambia kwamba hawana kitu. Binti mmoja niliyemsaidia aliandika mstari mmoja tu chini ya swali la jirani: "Wanataka niwasomee daftari la kikoba." Nikamuuliza anasoma nini hasa. Akaeleza kwamba mama yake alikuwa mwekahazina wa kikundi cha akina mama, na kila Jumapili jioni sanduku lenye kufuli tatu lilifunguliwa mbele ya wote, kila kufuli na mshika ufunguo wake, naye alikaa mkekani akiandika hisa za kila mmoja na kuzigongea mihuri kwenye kitabu cha mwanachama. Jumapili moja fedha zilizidi daftari kwa shilingi 12,000. Si kupungua, kuzidi. Akina mama wakafurahi, wakataka ziingizwe mfuko wa jamii. Yeye akaomba vitabu vyote vya wanachama, akavilinganisha kimoja kimoja na daftari kuu, akakuta kitabu cha bibi mmoja asiyejua kusoma hakijagongwa mihuri ya juma lililopita, ingawa fedha zake ziliingia sandukuni. Bibi huyo hakulalamika kwa sababu hakujua.

Angalieni nilichoendelea kumuuliza, kwa maana na ninyi mtajiuliza hivyo hivyo mbele ya kila jibu linaloonekana dogo. Nani alikuwa amekosea kugonga muhuri? (Ni yeye mwenyewe.) Ulisema nini kwanza, na ulimwambia nani? Kulikuwa na dakika ambayo ungeweza kunyamaza? Baada ya hapo ulibadilisha nini katika namna ya kuandika? Alikuwa ameanza kumwomba kila mwanachama ahesabu mihuri yake kwa kidole, kwa sauti, kabla ya kufunga kitabu. Alipofika hapo alikuwa na nusu ya maelezo yake ya kuombea masomo ya takwimu, na alikuwa hajaandika hata sentensi moja ya insha. Yeye mwenyewe alikuwa amepanga kuandika kuhusu mashindano ya mdahalo.

Darasani

Taja mada moja tu, si somo zima, iliyokufanya usome kurasa ambazo mwalimu hakuziagiza. Ulizisoma wapi, na swali gani lilibaki bila jibu? Ni jaribio gani la maabara lililokupa matokeo tofauti na yaliyotarajiwa, na je, ulirudia au ulinakili jibu la mwenzako? Jibuni hili kwa ukweli. Mimi sitoi alama za tabia. Uliwahi kumfundisha mwenzako kitu usiku wa prepo, na ni wapi hasa ulipogundua kwamba wewe mwenyewe hukielewi?

Mliosoma shule za msingi za Kiswahili: mlipoingia kidato cha kwanza na masomo yakageuka Kiingereza, ni ukurasa gani wa kwanza uliokugomea? Ulifanya nini usiku ule? Natahadharisha kwamba waombaji wengi kutoka kwetu wanalo simulizi hili, kwa hiyo ugumu wenyewe hautawatofautisha. Kitakachowatofautisha ni mbinu mliyobuni. Kama hukubuni mbinu yoyote, ukazoea taratibu kama wengine, ruka swali hili bila kujuta.

Mnaojibu maswali ya UCAS, tumieni muda zaidi katika sehemu hii kuliko wenzenu wa Marekani, maana wasomaji wa Uingereza mara nyingi ni walimu wa fani, na wanataka kujua kama utaweza kukaa na fani hiyo miaka mitatu au zaidi. Anayeomba udaktari ajiulize na hili: je, ulishawahi kukaa na mgonjwa katika saa ambazo hakuna la kufanya? Mkono wako ulikuwa wapi? Mwombaji huyo, pamoja na yeyote anayeomba Oxford au Cambridge, akumbuke kwamba mwisho wake wa kutuma maombi ni tarehe 15 Oktoba, si Januari, kwa hiyo daftari lake ndilo nitakalolisoma kwanza.

JKT, vyeo na michezo

Mmerudi kutoka JKT juzi tu, na najua kila mmoja anataka kuandika kuhusu kuamshwa alfajiri na kukimbia mchakamchaka. Sote tumeamshwa. Niambieni badala yake: ni nani katika kombania yenu uliyemdhania vibaya siku ya kwanza, na ni kitendo gani kilichokubadilisha mawazo? Ni amri gani uliyoitii huku ukijua kuna njia bora, na uliisema njia hiyo kwa nani, lini?

Kwa waliokuwa viranja: cheo weka kando. Ni siku gani wenzako walikataa kukusikiliza? Ulirudi bwenini ukasema nini? Na aliyefika UMISSETA asinieleze fainali, anieleze mazoezi ya siku ambayo kocha hakuwepo.

Makosa

Ni jambo gani ulilolishikilia kwa nguvu miaka mitatu iliyopita ambalo leo ungelibishia, na ni nani au nini kilikutoa huko? Uliwahi kuomba radhi kwa mtu mdogo kuliko wewe? Ulianzisha nini kikafa, na kilikufa wiki ya ngapi? Ni lini ulipata sifa usiyostahili? Swali hili la mwisho watu huliruka. Naomba msiliruke, hata kama jibu lake mtalifunika kwa karatasi.

Mnayoyafanya bila kutumwa

Bando likiwa limebaki kidogo, unatafuta nini kwanza? Ni kitu gani umewahi kukifungua ili uone ndani, na je, kilifungika tena? Ukisimama Barabara ya Kumi na Mbili ukisubiri gari, macho yako yanahesabu au yanafuatilia nini ambacho wengine hawakioni? Ni mazungumzo gani ya wakubwa barazani uliyokuwa ukijifanya huyasikii?

Mlango ambao si lazima uufungue

Baadhi yenu mmezika mzazi, wengine mmekatizwa shule kwa ada. Mtasikia kwamba vyuo vya nje vinapenda simulizi za shida. Mimi siamini kwamba mtu anadaiwa msiba wake ili apate nafasi ya masomo. Kabla ya kuandika juu ya jambo la namna hiyo, jibuni maswali matatu tu: Naweza kulisoma kwa sauti mbele ya mtu nisiyemjua bila kuvunjika? Aliyehusika, kama yu hai, angekubali lisomwe? Na katika tukio hilo mimi nilifanya nini, ukiacha yale niliyofanyiwa? Jibu moja likiwa hapana, au la tatu likikosekana, jambo hilo linabaki lako. Likihitajika kueleza kwa nini alama zilishuka muhula fulani, mistari miwili inatosha, na iko sehemu ya kuiweka nje ya insha.

Kuchuja, Ijumaa usiku

Soma daftari lote kwa kalamu nyekundu. Kila palipo na uamuzi ulioufanya wewe, chora duara. Kila mahali ambapo mwenzako wa bweni moja angeweza kuandika maneno yale yale, piga mstari. Kisha chukua matukio matano yenye duara, na kwa kila moja andika majibu ya maswali haya: Saa moja kabla nilikuwa najua nini? Saa moja baadaye nilikuwa najua nini? Ni nani anaweza kuthibitisha kwamba lilitokea? Nikiulizwa kwenye usaili niongeze maelezo kwa dakika kumi, ninayo? Tukio lisilo na majibu manne lisubiri.

Mwisho, mpelekee mtu mmoja wa nyumbani swali hili, na uandike atakachosema bila kukisahihisha: "Mimi nikiwa sipo, huwa mnanisimuliaje?" Mmoja wa mwaka jana aliambiwa na shangazi yake, "Wewe ndiye unayeuliza 'halafu?'", tulilitumia neno hilo.

Jumamosi kila mmoja aje na daftari lake na matukio yale matano. Tutakaa wawili wawili. Mmoja anasimulia tukio kwa mdomo, mwenzake anasikiliza na kuandika tu yale anayoyaona kichwani kama picha. Asipoona kitu, msimuliaji anarudia. Chai na mihogo nitaleta mimi, kalamu nyekundu njooni nazo.