Ombi la kupima fuwele moja badala ya unga

Idara ya Kemia
Chuo Kikuu cha Dar es Salaam
12 Machi 2025

Shikamoo Profesa,

Yah: Muundo wa kampaundi ya zinki

Naomba ruhusa tusimamishe kwa sasa kazi ya data za unga, tutume fuwele moja ikapimwe kwa wenzetu wa Cape Town.

Tumekwama palepale: Pnma au Pna2₁. Ukishabadilishana mihimili, makundi haya mawili ya ulinganifu hufuta miakisi ileile, kwa hiyo vilele vinavyokosekana havitatuamulia. Kwa njia ya Rietveld, Rwp ni 7.4% kwa Pnma, ligandi ikiwa imegawanyika nusu kwa nusu pande mbili za kioo cha ulinganifu, na 7.1% kwa Pna2₁, ligandi ikiwa imetulia. Modeli ya pili ina parameta nyingi zaidi, hivyo nafuu hiyo ndogo siihesabu kuwa ushahidi. Na jibu lina uzito: fuwele yenye kitovu cha ulinganifu, kama ya Pnma, haiwezi kuwa piezoelektriki, na sura ya nne ya tasnifu yangu inasimama juu ya hilo.

Unga huzibana pande tatu za data kwenye mstari mmoja. Kuanzia nyuzi 35 za 2θ vilele vyetu vinapandana, na programu inavigawia nguvu kwa kufuata modeli ileile ninayotaka kuipima. Tena chembe zetu ni bapa. Zinalala upande mmoja kwenye kibebea sampuli, na nguvu za vilele zinapotoka.

Kwenye fuwele moja kila mwakisiko unapimwa peke yake. Wastani wa |E²−1| utatupa dokezo la kwanza: karibu 0.968 kukiwa na kitovu, 0.736 kisipokuwepo. Zinki ni nzito na inaweza kuupotosha, kwa hiyo sitautegemea peke yake. Lakini zinki hiyohiyo hutofautisha jozi za Friedel, ambazo kwenye unga huangukia pembe moja daima. Parameta ya Flack ikikaribia 0 na kosa lake likiwa dogo, Pna2₁ itakuwa imejitetea. Ikikaribia 0.5, itabidi tupime kati ya mapacha ya ugeuzo na Pnma yenyewe.

Fuwele zipo. Kwenye kichupa cha ethanoli nilichoacha kikauke polepole zimeota zenye upana wa milimita 0.15 hivi, angavu, na chini ya hadubini ya mwanga uliopolarishwa kila moja inazima yote kwa pamoja ninapoizungusha. Zilizozima vipande vipande nimezitenga.

Nashauri fuwele hiyohiyo ipimwe kwanza kwa 298 K, ndipo ishushwe hadi 100 K. Tukianza na baridi, ligandi inaweza kutulia kwa sababu ya baridi hiyo, nasi tukadhani ndivyo ilivyo kwenye joto la chumba.

Unga siuachi. Muundo ukipatikana nitakokotoa mchoro wake na kuulaza juu ya data tulizonazo, maana fuwele moja iliyochaguliwa kwa kibano haithibitishi kwamba mazao yote ni kitu kimoja.

Fomu ya kutuma sampuli nimeiambatisha. Ukiisaini kabla ya Ijumaa, zitaondoka na mzigo wa wiki hii.

Wako mtiifu,
Neema