Salamu za Idd kwa watu wa nyumba yetu, Barabara ya 14

Asalam aleikum jamani, na wenzetu wa Kikristo Bwana Yesu asifiwe. Mzee wetu wa chumba cha mbele shikamoo.

Kwanza niwatoe wasiwasi, maana najua mesej ya mwenye nyumba ikiingia usiku huu mtu moyo unamlipuka anaanza kujiuliza kuna nini tena. Hamna kitu. Mwezi umeandama, kesho ni Idd, mi nimekaa hapa uani Makorora nachambua mchele wa pilau nikaona kabla usingizi haujanichukua niwaandikie watu wangu. Ni salamu na shukrani, basi.

Mwezi huu umenifundisha mengi kuhusu nyinyi, na sijawahi kuwaambia ana kwa ana kwa sababu nikija huwa naishia kuongea habari za bomba na taa ya ukumbini, nageuka naondoka. Leo nataka niseme.

Ule usiku wa mvua kubwa, Mama Neema aliponipigia saa tisa kwamba bati la chumba cha Mzee limeachia maji, nilitoka hapa kwa bodaboda nimejifunika kanga na mfuko wa nailoni kichwani, njia nzima nalia kimoyomoyo, nawaza nitamkuta mtu mzima yule amekaa kwenye maji na swaumu ya kesho inamsubiri. Nimefika nimeloa chapachapa. Nikakuta godoro limeegemezwa ukutani ukumbini linachuruzika, ndoo mbili na beseni zimeshatandazwa, na Mzee mwenyewe amelala kitandani kwa wale vijana wawili wa Lushoto, kajifunika shuka kavu anakoroma, vijana wako chini kwenye mkeka. Hakuna aliyewatuma. Mvua ilivyopungua kidogo fundi akapanda na tochi mdomoni, kakata tyubu ya baiskeli akaziba lile tundu kwa misumari na vipande vya mpira, na kweli halikudondosha tena hata tone mpaka bati jipya lilipokuja. Na Mama Neema, ambaye wala hafungi Ramadhani, yuko kwenye Kwaresma yake, kawasha jiko akachemsha chai ya tangawizi na kupasha muhogo wa nazi uliobaki futari ili waliofunga wasikose daku. Aliniwekea na mimi kikombe. Nimekunywa ile chai nimesimama mlangoni nimeshindwa hata kusema ahsante, ndo maana naisema sasa. Ahsanteni sana.

Hapohapo niseme na la kwangu. Lile tundu Mzee aliniambia tangu Shaabani. Nikamjibu fundi wa bati anakuja wiki hii, wiki ikapita, nikasema ijayo, nayo ikapita, sikuwa na sababu ya maana, nilichelewesha tu mpaka mvua ikanitangulia. Kosa ni langu peke yangu. Mzee umenisamehe kwa mdomo na nimekushukuru, lakini naomba radhi tena mbele ya wenzio kwa sababu wote walikosa usingizi kwa uzembe wangu. Godoro uliloletewa ni lako kabisa, popote utakapokuwa. Na kama kuna mwingine niliyemkwaza mwaka huu kwa neno au kwa kuchelewa, nakuomba unisamehe, hizi ndo siku zake.

Nyumba hii aliijenga marehemu mama yangu kwa vitumbua. Watu wanadhani ni hela ya baba ya mkonge, lakini ya baba ilikuwa inaishia chakula na ada, vyumba vile vimepanda kidogokidogo kwa karai la mama, mwaka huu ukuta, mwakani mlango, na miaka mingi ua ulikuwa wa makuti. Alikuwa na jambo moja alilolishika sana, sahani ya jirani hairudi tupu, hata kama huna kitu weka ndimu mbili. Sasa Ijumaa moja mwezi huu nimepita kabla ya magharibi, nikaona kwa macho yangu Mama Shufaa anatoka na kaimati zimefunikwa kwa kawa anapeleka kwa Mama Neema, na sahani ya jana yake inarudi ina vipande vya viazi vitamu, vya moto vinafuka moshi. Nilisimama pale kwenye baraza kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Mama hayupo na hakuna hata mmoja wenu aliyemuona, lakini desturi yake mnayo. Yaani hilo limenituliza moyo kuliko mnavyofikiria.

Na hawa watoto! Neema na Shufaa waliamua kufunga pamoja mpaka adhuhuri, Neema akasema na yeye Kwaresma anafunga kwa hiyo hesabu ni moja, mwaka huu si zimeanza wiki moja. Nikawauliza vipi swaumu, wakanijibu kwa pamoja tumefunga bibi, midomo yote myekundu kwa ubuyu. Nimewapa pole ya swaumu vilevile. Mungu awakuzie.

Kesho baada ya swala kila mtu na nyumba yake na ndugu zake. Idd pili ndo nawaomba mje kwangu Makorora baada ya adhuhuri, wote, aliyefunga na asiyefunga. Kuna pilau la nyama, kachumbari, na tambi nitapika mwenyewe kwa nazi ya kukuna. Msije na kitu chochote mkononi, njooni na njaa. Vijana wa Lushoto nasikia hamuendi nyumbani sababu ya mitihani, basi msije mkajifungia na madaftari siku nzima, njooni mle halafu mrudi kusoma. Mama Neema najua uko zamu usiku na mchana unalala, usijilazimishe, sahani yako nitamkabidhi Mzee imefunikwa utaikuta ukiamka. Baba Shufaa kama jahazi litakuwa limerudi kutoka Pemba aje na yeye, na kama bado, tunamuombea bahari shwari na fungu lake litawekwa.

Watoto wana sikukuu yao kwangu, kila mmoja, waje wachukue wenyewe wakiwa na nguo zao mpya niwaone. Wazazi mkiridhia jioni nitawapeleka Tangamano wakapande pembea na wanangu wadogo, nitawarudisha mwenyewe kabla ya isha.

Kwa mnaosubiri Pasaka, hizi siku zilizobaki za mfungo Mungu awape wepesi, nitawatafuta tena ikifika.

Mchele nimemaliza kuchambua na takbira zimeshaanza huku msikitini kwetu, nadhani na huko mnazisikia. Msijisumbue kunijibu usiku huu, laleni.

Idd Mubarak, kullu am wa antum bikheir.

Wenu,
Mama Zuhura