Laivu ya Kuzindua Sabuni ya Mwani: Jumamosi, Saa 2:00 Usiku

Mezani: kamba ya mwani mbichi, sabuni yetu chini ya kitambaa, mche wa sabuni ya kufulia, mabakuli mawili ya maji ya bahari. Msaidizi anasoma komenti kwa sauti. Simu ya pili iwe na bando la mtandao mwingine.

2:00
MTANGAZAJI: Asalaam aleikum, karibuni Paje. Kabla sijafunua kitambaa, niandikie: unatuangalia ukiwa wapi?

*Komenti zikichelewa (usiulize "mbona kimya"):* "Wanaoingia sasa, karibuni. Tazameni kwanza hii kamba."

2:03
MTANGAZAJI: Huu ni mwani. Kwa biashara unalimwa hapa Unguja tangu 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Wanaingia baharini maji yakitoka, wanafunga kamba, wanavuna, wanaanika. Halafu mwingi unauzwa nje mkavu hivyo hivyo, na faida inabaki huko unakosagwa. Sisi tumeusaga hapa hapa, tukauchanganya na mafuta ya nazi na ya karafuu, tukaiacha sabuni ikomae wiki 6. (Funua.) Hii hapa.

2:07
MTANGAZAJI: Haya ni maji ya bahari, nimeyachota jioni. Bakuli hili naosha kwa sabuni ya kufulia, hili kwa sabuni yetu. Yetu itatoa povu? Andika NDIYO au HAPANA. Sigusi maji mpaka mjibu!

*Majibu yasipofika matano:* Msaidizi: "Mimi nasema HAPANA, maji ya chumvi hayatoi povu." Mtangazaji: "Haya, tuone."

(Kamera ishuke mikononi. Sugua sabuni ya kufulia kwanza: inaacha utando mweupe unaonata vidoleni. Kisha yetu, taratibu, bila kuzungumza.)

MTANGAZAJI: Povu hilo! Ni kazi ya mafuta ya nazi.

*Povu likiwa dogo:* "Limetoka kidogo, na mmeliona lenyewe. Sasa nioshe kwa maji ya mfereji, mnayotumia nyumbani."

*Mtandao ukikatika:* hamia simu ya pili, usianze upya. "Tumerudi. Uliyeingia sasa, tunajaribu sabuni ya mwani kwenye maji ya bahari."

2:12 Maswali
*Likija "inatoa chunusi?":* "Hapana dada yangu, sitakudanganya. Hii ni ya kuogea, si dawa. Ngozi ikikusumbua, muone daktari."
*Likija "nazipata rahisi zaidi kwingine":* "Zipo, na ni haki yako kulinganisha. Hii ni gramu 100, imekomaa, haiyeyuki upesi."
*Yasipokuja:* Msaidizi aulize: "Ya mtoto mchanga je?" Jibu: "Hapana, ina karafuu, inaweza kumuwasha."

2:17
MTANGAZAJI: Kipande shilingi 5,000, vitatu 13,000. Andika NATAKA tu. Namba ya simu usiiweke kwenye komenti, matapeli wanazisoma, tutakufuata inboksi. Mjini tunaleta kesho, Dar inapanda boti Jumatatu.

*Zikiisha:* "Za leo zimekwisha. Nyingine bado zinakomaa, na sitaziuza mbichi. Andika NASUBIRI, tukuandike."