Taarifa ya kamati: Makorora kuondolewa kwenye mashindano

Ndugu wanamichezo wa Tanga, habari za leo.

Tangu juzi simu zangu hazipumziki, na mitaani yanasemwa mengi. Kamati imemaliza kazi jana usiku: timu ya Makorora imeondolewa, na Mabawa ndiyo inayokwenda nusu fainali.

Kwanza niwasafishe vijana. Hakuna mamluki hapa. Mchezaji wa jezi namba 8 ni mtoto wa Makorora na jina lake lilikuwemo kwenye orodha tangu siku ya kwanza. Tatizo ni kadi. Alipata njano mechi ya pili ya makundi, akapata nyingine mechi ya tatu. Kanuni yetu ya 9 inasema njano mbili katika mechi tofauti ni kukosa mechi inayofuata. Inayofuata ilikuwa robo fainali, naye akacheza dakika zote 90 na kufunga bao la ushindi, 2-1.

Viongozi wa Makorora walisema kadi za makundi hufa makundi yakiisha, kama mashindano makubwa. Hoja hiyo tuliijadili kwa muda mrefu, maana walikuja nayo kwa nia njema. Lakini Kombe la Dunia la 2022 njano zilifutwa baada ya robo fainali, na hata hapo ilifutwa njano moja moja. Aliyekwisha kufungiwa alitumikia adhabu yake. Zaidi ya hayo, kanuni zetu hazina kipengele cha kufuta kadi, na nahodha wa kila timu alizitia saini.

Palikuwa na utata mmoja wa kweli. Daftari la mwamuzi wa mechi ya pili lililowa mvua, na ile 8 ilisomeka kama 3. Tukaita washika vibendera wote wawili, kila mmoja peke yake, wakasema 8. Tukatazama karatasi ya kikosi: namba 3 siku ile alikaa benchi mpaka mwisho. Hapo shaka ikaisha.

Katibu wetu anaishi Mabawa, hivyo alitoka nje ya kikao na hakupiga kura. Wanne waliobaki walikubaliana.

Kosa letu pia lipo. Orodha ya waliofungiwa tulipaswa kuwapa makocha kabla ya robo fainali, nasi tuliisoma kwa mdomo tu, kwenye kelele. Nawaomba radhi Makorora. Hilo haliondoi kanuni, ila ndiyo sababu hatuwatozi faini, na dhamana yao ya shilingi 50,000 wanarudishiwa yote. Kijana huyo naye haongezewi adhabu yoyote. Tafadhali msimzomee njiani.

Rufaa inapokelewa kwa maandishi mpaka Alhamisi saa 6 mchana. Isipokuja, Mabawa na Duga wanacheza Jumamosi saa 10 jioni, na orodha ya kadi itabandikwa mlangoni tangu asubuhi.

Mwenyekiti wa kamati ya mashindano